Wiki Mbili Zisizo na Mtoto

Emérite alikuwa mshonaji tangu usichana wake huko Buyenzi, Bujumbura. Aliposhuka kwenye basi Park Station, Johannesburg, siku ya tarehe nane mwezi wa pili, neno lake la kwanza kwa mumewe baada ya kukumbatiana lilikuwa kumwuliza kama amempatia cherehani. Lambert alicheka mpaka watu wakageuka kuwatazama. Walikuwa hawajaonana kwa miaka miwili. Walifunga ndoa Bujumbura, wakakaa miezi michache, kisha Lambert akaondoka kuja kutafuta maisha Johannesburg, akapata kazi ya ulinzi. Yeye ni mtu wa Uvira, upande wa pili wa ziwa, na ndugu zake wote wako huko.

Cherehani ilikuwapo. Lambert alikuwa ameitafuta kwa mshonaji mmoja Mkongo aliyekuwa na chumba cha kazi ghorofa ya pili, karibu na Joubert Park, na huyo akakubali Emérite ashone pale kwa makubaliano. Walikaa katika fleti iliyogawanywa kwa mbao na mapazia, familia nne jiko moja. Chumba kilichopakana na chao kilikuwa cha Jeanne, msusi kutoka Lubumbashi, mwanamke mwenye sauti nzito na moyo mwepesi, ambaye siku ya kwanza tu alimwita Emérite mdogo wake.

Mwezi wa tano ulipokuwa unaanza, Emérite alikuwa na hakika kwamba ana mimba. Hakufanya haraka kwenda kliniki. Hakujua Kiingereza, na alikuwa amesikia wanawake wa jikoni wakisimulia jinsi wageni wanavyosemeshwa kwenye foleni. Alisubiri Lambert apate siku ya mapumziko. Walipokwenda hatimaye, nesi aliyeandika habari zake alimtazama Lambert, si yeye, na maswali yote yakapita kwa Lambert. Umri wake. Mimba ya ngapi. Ugonjwa wa sukari katika ukoo. Halafu likaja swali moja ambalo Lambert alilisikia, akasita, akajibu mwenyewe kwa Kiingereza bila kumgeukia mkewe.

"Ameuliza nini?" Emérite akasema.

"Mambo ya kawaida," Lambert akajibu.

Alikuwa ameulizwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mkewe. Aliona haya kumwuliza jambo hilo mbele ya nesi kijana na watu wawili waliosimama mlangoni, kwa hiyo alisema mkewe hakumbuki. Nesi akaandika kwamba tarehe haijulikani, akawapa karatasi ya kwenda kupigwa picha ya tumbo, ili mashine iseme mimba ina umri gani.

Picha waliipigia Marshalltown, katika chumba cha kukodi juu ya duka la simu, mahali ambapo watu wengi wa kanisa lao walikuwa wakienda kwa sababu hakuna foleni ndefu. Ilikuwa tarehe kumi na saba mwezi wa sita. Mpigapicha alikuwa mwanamke mwenye haraka, mpole lakini mwenye haraka. Alimpaka Emérite mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa chake huku na huku, akasimamisha picha, akapima kichwa kutoka upande hadi upande, akapima tumbo la mtoto, akapima mfupa wa paja. Emérite aliona kitu cheupe kikipiga haraka haraka katikati ya giza, akajua ule ni moyo. Alimtafuta Lambert kwa macho ili waone pamoja. Lambert alikuwa anatazama mdomo wa yule mwanamke, asikose neno.

"Wiki ishirini kamili," mwanamke alisema kwa Kiingereza. "Siku ya matazamio, tarehe nne Novemba." Kisha akaongeza maneno mengine marefu kuhusu kondo la nyuma, akaonyesha kwa kidole sehemu ya chini ya picha, akasema warudi kupima tena mimba ikifika wiki thelathini na mbili. Lambert aliitika kwa kichwa. Baada ya ile namba ya kwanza hakusikia kitu kingine chochote.

Walishuka ngazi. Barabarani wauza soksi na chaja walikuwa wamejaa mpaka kwenye ukingo wa lami. Walisimama kwenye robot, taa za barabarani, kungoja zibadilike, na Emérite akamshika mkono.

"Amesema nini? Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Niliuona moyo wake. Wewe uliuona?"

Karatasi ya majibu, ambayo ilipaswa kubanwa ndani ya kitabu cha kliniki cha mkewe, Lambert aliikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa ndani wa jaketi lake la kazi.

Nyumbani alikaa kitandani akafungua kalenda kwenye simu. Alihesabu wiki kurudi nyuma, akahesabu tena. Wiki ishirini zilimpeleka mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati mkewe alikuwa bado njiani, mahali fulani Tanzania au Zambia, na yeye Lambert alikuwa amesimama kwenye geti la ghala alilokuwa akililinda. Tangu ashuke Park Station zilikuwa zimepita wiki kumi na nane na siku chache.

Emérite aliingia na sahani ya chakula. Lambert alimwuliza bila kuinua macho:

"Nani mlikuwa naye njiani?"

"Njiani wapi?"

"Kutoka Bujumbura. Kwenye mabasi. Ulikuwa na nani?"

"Na watu. Na yule mama wa Rumonge niliyekwambia. Kuna nini?"

"Mtoto ana wiki ishirini, Emé. Wewe hapa huna wiki ishirini."

Emérite alihitaji muda kuelewa anachoambiwa. Alipoelewa, aliweka sahani chini sakafuni, polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga. Alisema mashine imekosea. Lambert akasema mashine haina sababu ya kumsingizia. Alisema naapa. Lambert akasema usiape. Jeanne, upande wa pili wa mbao, alisikia kila neno na hakuweza kujifanya hakusikia. Aliingia, akasema mambo kama haya hayasemwi na mtu mwenye njaa, wale kwanza. Lambert alimjibu kwa adabu kwamba hili halimhusu, dada Jeanne, akachukua begi. Walinzi wenzake wawili walikuwa na chumba nyuma ya nyumba moja mtaa wa Observatory, na huko ndiko alikohamia.

Angeishia hapo, pengine madhara yangekuwa madogo. Lakini wiki ile ile alimpigia mjomba wake Uvira, ambaye ndiye aliyepeleka posa, akamwambia mke amekuja na mimba ya njiani. Mjomba alivuka kwenda Bujumbura na maneno hayo, akamkuta mzee Melchior, baba yake Emérite, katekista mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita mwalimu. Mzee alimsikiliza, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi ndani. Tangu siku hiyo Emérite alipopiga simu, ilipokewa na mdogo wake, Élysée.

"Baba yuko wapi?"

"Yupo."

"Mpe simu."

"Amesema amelala, dada."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Emérite alijua saa za kulala za baba yake tangu alipoanza kujua saa.

Mwezi wa saba alishona tu. Hakwenda kliniki. Aliogopa kwamba watamwuliza mume yuko wapi, na hata wangemwuliza kitu kingine, asingeelewa. Kilichomtesa zaidi ni kwamba wanawake wa jikoni walimwambia kwa umri ule mtoto hurusha mateke mpaka nguo inatikisika, naye alikuwa anahisi kitu hafifu tu, kama mtu anayegonga ndani ya godoro. Aliwaza kwamba huzuni yake imemfikia mtoto. Hakumwambia mtu yeyote.

Katikati ya mwezi wa nane, siku ya baridi kali, alikuwa anakunja pindo la gauni la harusi alipohisi majimaji ya moto. Hakukuwa na maumivu yoyote. Aliinuka, akaona damu nyekundu kwenye kiti. Yule mshonaji mwenye chumba alitoka mbio kumwita Jeanne kutoka saluni, na Jeanne akaja na vitana bado vimechomekwa kwenye nywele zake, akamfunga Emérite kitenge, akasimamisha taksi, wakaenda hospitali kubwa ya serikali.

Huko wodi ya wajawazito alikuwapo mkunga aliyeitwa Biubwa. Alizaliwa Pemba, akasomea ukunga Dar es Salaam, akaolewa Johannesburg, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu hapo. Aliposikia Jeanne akimnong'oneza mgonjwa kwa Kiswahili, aliacha alichokuwa anafanya akaja.

"Mwanangu, damu imeanza saa ngapi? Unaumwa tumbo?"

Emérite alimtazama, machozi yakaanza kumtoka kabla hajajibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii mtu wa hospitali kuzungumza naye mwenyewe.

Walimlaza, wakamtundikia maji, wakachukua damu ya kupima, na daktari akaleta mashine ya altrasaundi kitandani. Biubwa alisimama karibu akitafsiri kila kitu, hata yale daktari aliyokuwa akijisemea. Mtoto alikuwa hai na moyo unapiga vizuri. Damu ilikuwa inapungua. Daktari alipoondoka, Biubwa alivuta kiti.

"Kitabu chako cha kliniki hakina karatasi ya picha ya kwanza. Ulipiga?"

"Nilipiga ekografi, mwezi wa sita. Karatasi ameondoka nayo mume wangu."

"Alikuelezea ilisema nini kuhusu kondo la nyuma?"

"Kondo gani?"

Biubwa akachukua taulo ndogo, akaikunja ikawa kama mfuko, akaushika huku mdomo wake ukitazama chini.

"Huu ndio mfuko wa uzazi. Mtoto yuko humu. Huku chini ni mlango, ndiko anakopita siku ya kuzaliwa. Kondo la nyuma ni ile nyama inayomlisha mtoto, iliyoungana na kitovu chake, ile inayotoka baada ya mtoto kutoka. Inajishikiza kwenye ukuta wa mfuko. Kwa wengi inajishikiza juu, huku. Lako limejishikiza mbele, upande wa ngozi ya tumbo lako, na limeshuka chini mpaka limefunika mlango."

"Limefunika mlango," Emérite alirudia.

"Hiyo mbele peke yake haina ubaya. Inakufanya usisikie mateke vizuri tu, kwa sababu mtoto anapiga kwenye kondo kwanza. Kama kupiga mto."

Emérite alifumba macho. "Nilifikiri anakufa kwa huzuni."

"Hafi kwa huzuni. Linalotusumbua ni huko chini. Mimba ikiwa changa, kondo kukaa chini ni jambo la kawaida, na mara nyingi mfuko unavyokua linapanda lenyewe. Ndiyo maana huwa tunasema rudi wiki ya thelathini na mbili tuone kama limepanda. Bado wiki nne kufika huko, linaweza kusogea. Lakini likibaki limefunika, huwezi kuzaa kwa njia ya kawaida. Mlango ukianza kufunguka, kondo litabanduka, na damu itatoka nyingi mno. Tutakupasua kabla uchungu haujaanza. Na kuanzia leo, tone lolote la damu, unaniita. Hungoji uone kama litakoma."

"Na hii ilikuwa imeandikwa kwenye ile karatasi?"

"Lazima iliandikwa."

Emérite aligeuza uso ukutani. Biubwa alimngoja. Alipoona ametulia akamwuliza, kwa sauti ile ile, alipata hedhi ya mwisho lini.

"Njiani," Emérite akasema. "Tunduma. Ilinianza siku tuliyofika mpakani, nikaomba yule mama wa Rumonge anishikie mizigo nikatafute pedi. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa Jumanne na soko lilikuwa dogo. Mwisho wa mwezi wa kwanza."

Biubwa alitafuta kwenye kalenda ya ukutani, akarudisha kidole nyuma. "Tarehe ishirini na nane. Basi mimba yako leo ina wiki ishirini na nane. Na daktari amepima hivyo hivyo, karibu sawa."

"Lakini mume wangu aliondoka kwa sababu ya hizo wiki." Na hapo ndipo Emérite alipoeleza kisa chote, kwa maneno machache, kwa sababu kilipokuwa mdomoni kilikuwa kifupi. Wiki ishirini za mashine, wiki kumi na nane zake yeye hapa mjini.

Biubwa aliuweka mkono wake juu ya blanketi. Alikuwa amewahi kukutana na jambo hili, si mara moja.

"Mwanangu, sikiliza. Umri wa mimba hatuuhesabu tangu siku mtu alipolala na mumewe. Siku hiyo hakuna anayeijua kwa hakika. Tunaanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo mwanamke anaiona. Mimba inaingia kama wiki mbili baadaye. Mashine nayo imefundishwa kuhesabu hivyo hivyo. Ikimpima mtoto ikasema wiki ishirini, mtoto mwenyewe alitungwa wiki kumi na nane zilizopita."

"Kwa hiyo hizo wiki mbili za mwanzo..."

"Hamna mtoto. Ni hesabu tu."

Jeanne, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, alisema eish, kwa pumzi, akashika kichwa.

Emérite hakulia tena. Alisema jambo ambalo Jeanne alilirudia baadaye kwa watu wengi: "Ningemwambia tu habari ya Tunduma. Niliona aibu. Nilifikiri mambo ya damu yangu hayamhusu mwanaume."

Biubwa alihitaji ile karatasi ya kwanza. Alimweleza sababu: kadiri mimba inavyokua, watoto wanatofautiana maumbo, na kipimo cha sasa kinaweza kukosea hata wiki mbili. Kile cha mapema ndicho kinachoaminika zaidi, na kama ni upasuaji, daktari hataki kumtoa mtoto wiki mbili kabla ya wakati kwa sababu ya tarehe mbovu. Akamwuliza kama anaruhusu aitwe mumewe. Emérite alifikiri, akasema aitwe, alete karatasi.

Lambert alifika jioni hiyo akiwa amevaa sare. Karatasi ilikuwa bado kwenye mfuko wa ndani, imechakaa kwenye mikunjo. Hakuingia wodini, Biubwa alimkalisha kwenye benchi la korido, akaifungua karatasi juu ya magoti yake.

"Wewe unasoma Kiingereza, baba. Soma hapa."

Lambert alisoma kwamba kondo liko mbele, liko chini, ukingo wake umevuka mlango, apimwe tena. Alisoma polepole kama mwanafunzi. Biubwa akashusha kidole kwenye mstari wa siku ya matazamio.

"Tarehe nne mwezi wa kumi na moja. Hiyo si ahadi, watoto wachache sana huzaliwa siku yenyewe. Ni wiki arobaini tangu hedhi ya mwisho. Lakini kuanzia mimba kuingia, mtoto hukaa tumboni wiki thelathini na nane. Toa simu yako. Rudi nyuma wiki thelathini na nane kutoka tarehe hiyo, uniambie umefika wapi."

Alihesabu, kidole gumba kikipanda kwenye kioo. Kilisimama.

"Umefika wapi?"

"Tarehe kumi na moja mwezi wa pili."

"Inaweza kupungua au kuzidi siku kadhaa. Mkeo alifika lini?"

"Tarehe nane." Alizima simu, akaiwasha tena, akatazama tena. "Nilikwenda kumpokea mwenyewe," akasema.

Biubwa alikuwa na wagonjwa wengine. Alimwacha kwenye benchi, na alipopita tena baadaye alimkuta bado yuko pale, karatasi imefunguliwa magotini, anaisoma tangu juu.

Alipoingia kwa mkewe alisimama miguuni pa kitanda.

"Emé. Nimekosa."

"Najua."

"Sikuuliza. Ningeuliza yule mama wa mashine, hata neno moja."

"Ungeniuliza mimi," Emérite akasema. Hakuinua sauti. "Ile siku ya kliniki waliuliza hedhi yangu. Sista Biubwa ameniambia, kwenye kitabu imeandikwa haijulikani. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, Lambert."

Emérite alimwomba jambo moja tu: ampigie baba yake. Si mjomba, si Élysée. Baba mwenyewe, amweleze. Lambert akasema atapiga kesho.

Alianza na Uvira. Mjomba alisikiliza, akasema wiki za Wazungu yeye hazijui, lakini kama mwenye mke ameridhika basi yamekwisha. Kumpigia mzee Melchior kulikuwa kugumu zaidi. Lambert alimwogopa mzee yule tangu uchumba. Kila jioni aliandaa maneno, na kila jioni aliyaona hayatoshi. Angemwambiaje katekista mambo ya hedhi ya binti yake? Aliamua asubiri wiki ya thelathini na mbili, ili apige akiwa na habari njema ya kondo mkononi. Emérite alipomwuliza, alisema simu haikupatikana. Emérite hakuweza kufuatilia. Kila alipopiga yeye, Élysée alijibu vile vile.

Wiki ya thelathini na mbili kondo lilikuwa halijapanda. Lilikuwa bado limefunika mlango. Damu ilikuwa imemtoka mara mbili nyingine, na madaktari walikuwa wamemchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto endapo italazimika kumtoa ghafla. Hawakumruhusu kurudi nyumbani. Siku tatu baadaye Élysée alipiga mwenyewe. Baba alikuwa ameanguka uani. Upande mmoja wa mwili umelala, na kusema hawezi.

Lambert alipiga mchana huo huo. Aliomba Élysée amwekee mzee simu sikioni, na Élysée akaiweka. Lambert alisema yote aliyokuwa ameyaandaa, na mengine ambayo hakuyaandaa. Kwamba mtoto ni wake. Kwamba binti yake ni mwaminifu na mwongo ni yeye, ingawa hakukusudia kudanganya. Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu. Baadaye Emérite naye akapiga kutoka kitandani, akamwambia baba yake kwamba mtoto anapiga mateke, ila yeye hayasikii vizuri kwa sababu kondo liko mbele.

"Amesikia?" akamwuliza mdogo wake.

"Macho yalikuwa wazi," Élysée akasema. "Sijui, dada. Sitaki nikudanganye."

Mzee alikufa kabla mwezi wa tisa haujaisha. Emérite aliomboleza akiwa amelala ubavu wa kushoto, amekatazwa hata kutembea hadi mwisho wa korido. Jeanne aliingia saa za kutazama wagonjwa, pamoja na wanawake wawili wa kanisa, wakaimba kwa sauti ya chini mpaka nesi mmoja Mzulu, asiyejua neno hata moja la wimbo, akaja kusimama nao.

Walimpasua wiki ya thelathini na sita ilipotimia, mwanzoni mwa mwezi wa kumi, kwa sababu kungoja zaidi kulikuwa hatari kuliko kutongoja. Walikuwa wameandaa damu ya kumwongezea, na ilitumika. Mtoto alikuwa msichana, mdogo, akalia mara moja. Biubwa alikuwa zamu. Alimleta karibu na uso wa mama yake, akasema, "Huyu hapa, mwambie jina lake." Emérite akasema Agnès, jina la marehemu mama yake.

Lambert aliomba kurudi. Emérite hakumkatalia na hakumkubali; alisema bado. Mwaka mpya ulipoanza alimruhusu, kwa sababu mtoto alikuwa anamjua, na kwa sababu usiku Lambert alikuwa anaweza kukaa naye kwa saa nyingi bila kuchoka. Watu wa jikoni waliwaona wakipanga vitu pamoja, wakasema mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, ingawa hawakugombana. Lambert alibadilika akawa mtu wa kuuliza: aliuliza bei mara mbili, aliuliza njia aliyoijua, alimwuliza mkewe mambo ambayo mwanamke mwingine angeona anasumbuliwa. Emérite alimjibu kila swali. Habari za Bujumbura tu ndizo ambazo hakumpa. Élysée akipiga, Emérite anachukua simu anakwenda nayo ngazini, na Lambert anajua asimfuate.

Na siku za chanjo Emérite anakwenda na Jeanne. Ameanza kujifunza Kiingereza, cha kliniki kwanza: maumivu, homa, wiki, tarehe. Nesi akisema haraka, anamwomba arudie. Lambert huwasindikiza akiwa na siku ya mapumziko. Anambeba Agnès mpaka mlangoni, anampa mama yake, kisha anakaa nje kwenye ukuta mfupi pamoja na wanaume wengine, anangoja waitwe, waingie, watoke, aambiwe walichoambiwa.